Kadi inakatwa kila mwezi na muuzaji hajibu: mwongozo wa kuyasimamisha makato ukiwa Mbeya

Makato ya kila mwezi kwenye kadi hayaombi namba ya siri. Hayaleti ule ujumbe wa tarakimu za kuthibitisha ulioupata siku ya kwanza, na mara nyingi yanapita usiku umelala. Ndiyo maana mtu akiyaona kwenye simu asubuhi, neno la kwanza linalomtoka ni "nimeibiwa". Hajaibiwa. Siku aliyojaza kadi yake kwenye tovuti na kubofya kukubali, alimpa muuzaji ruhusa ya kuihifadhi na kuidai tena kila kipindi. Benki inapopokea dai la mwezi huo inaona limetoka kwa muuzaji mwenye ruhusa, salio lipo, kadi ni hai, basi inalipa.

Kwa hiyo unachokitafuta ni kuifuta ruhusa, kisha kuifanya benki ijue kwamba imefutwa. Utakachosoma hapa ni kwa yule ambaye amekwishajaribu kujitoa kwa njia ya kawaida, muuzaji yuko ng'ambo, barua pepe hazijibiwi, na kadi yenyewe ni ile ya kawaida ya akaunti yetu ya mshahara au ya biashara, yenye nembo ya Visa au Mastercard.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Dada mmoja ana studio ya picha Mwanjelwa. Alijiunga na programu ya kusafisha picha kwa jaribio la bure la siku 14, na baada ya hapo akawa anakatwa dola 24.99 kila tarehe 13. Kwa shilingi ni kama 65,000, ikipanda na kushuka kidogo kufuata bei ya dola siku hiyo na tozo ya benki ya kubadili fedha. Alikatwa Januari 13 na Februari 13, akaona haitumii. Februari 20 akabofya sehemu ya kujitoa ndani ya akaunti yake, ukurasa ukazunguka tu bila kuleta kitu. Akaandika kwa huduma kwa wateja, kimya.

Kwanza jua ni nani hasa anayekukata

Kabla ya kugombana na mtu, hakikisha ndiye. Chukua taarifa ya akaunti yenye maelezo kamili ya kila muamala. Ujumbe mfupi wa simu hautoshi kwa sababu hukata majina katikati. Kwenye taarifa utaona jina la muuzaji, na pale ambapo kwa duka la kawaida pangeandikwa mji, kwa wauzaji wa mtandaoni mara nyingi panaandikwa namba ya simu au anwani ya tovuti. Hiyo namba au tovuti ndiyo njia ya kumpata mtu anayeshughulikia malipo, na mara nyingi si ile uliyokuwa unaiandikia.

Jina pia linaweza kukuambia kwamba muuzaji hakukati moja kwa moja. Likianza na `GOOGLE *`, usajili uko kwenye akaunti yako ya Google, na unafutwa ndani ya duka la Play: gusa picha yako, fungua `Payments & subscriptions`, halafu `Subscriptions`. Likisomeka `APPLE.COM/BILL`, unafutwa kwenye mipangilio ya simu ya Apple chini ya jina lako. Likianza na `PAYPAL *`, ingia PayPal utafute malipo ya kujirudia yaliyoruhusiwa, yanayoitwa `Automatic payments`, uzime la muuzaji huyo. Katika hali zote tatu huna haja ya kumbembeleza muuzaji. Yeye anaweza kunyamaza mpaka Krismasi, lakini mlango uko mikononi mwako.

Kuna kundi jingine ambalo watu hulipita bila kulijua. Wauzaji wengi wadogo wa programu hawapokei fedha wenyewe, wanamtumia muuzaji wa kati ambaye kisheria ndiye aliyekuuzia. Jina likianza na `PADDLE.NET*`, kwa mfano, unaingia kwenye tovuti hiyo hiyo, unajaza barua pepe uliyonunulia, unapata ununuzi wako na kuomba ufutwe. Watu wa kati wa namna hii huwa wepesi kujibu, kwa sababu pingamizi za kadi zikizidi wao ndio wanaobanwa na Visa na Mastercard.

Na hili nalirudia kwa sababu linaumiza wengi: kuifuta programu kwenye simu hakufuti usajili. Ruhusa iko kwenye kompyuta za muuzaji.

Dada wa Mwanjelwa aliangalia na kuona jina ni la kampuni yenyewe. Hakuna wa kati. Basi akaendelea.

Ondoa ruhusa kwa maandishi, hata kama unajua hawatajibu

Hapa ndipo kesi nyingi zinaposhindwa, na zinashindwa miezi miwili kabla mteja hajafika benki. Mtu anasema, "Nimewaandikia mara nyingi." Ukimwomba aonyeshe, ana mazungumzo ya kulalamika kwamba bei ni kubwa, au ameuliza "Najitoaje?" Kuuliza namna ya kujitoa si kujitoa. Kwa kanuni za mitandao ya kadi, kinachotafutwa ni tarehe ambayo mwenye kadi aliondoa ruhusa yake. Makato ya kabla ya tarehe hiyo ni halali. Ya baada yake ndiyo unayoweza kuyapinga. Tarehe hiyo ikikosekana, huna mahali pa kuanzia kuhesabu.

Tuma barua pepe moja safi, kutoka kwenye anwani ile ile uliyojisajilia. Iandike kwa Kiingereza, maana ndicho atakachosoma muuzaji, na baadaye ndicho kitakachosomwa na benki yake. Kichwa cha habari kiseme jambo lenyewe:

```
Cancel subscription and withdraw card authorization
```

Ndani weka jina lako kama lilivyo kwenye akaunti, barua pepe ya usajili, tarakimu nne za mwisho za kadi, kiasi na tarehe ya makato ya mwisho. Kisha sema mambo mawili tu: kwamba unafuta usajili kuanzia leo, na kwamba huwaruhusu tena kuidai kadi hiyo. Usiandike namba nzima ya kadi wala zile tarakimu tatu za nyuma. Usitukane, usitishie polisi. Mtu atakayekuja kuisoma barua hiyo kwenye pingamizi anataka kuona sentensi moja iliyo wazi na tarehe yake.

Kama tovuti ina sehemu ya kujitoa, itumie pia, na kila hatua piga picha ya skrini inayoonyesha anwani ya ukurasa na saa. Ukurasa ukigoma, picha ya huo mgomo ni ushahidi mzuri sana. Tangu Aprili 2020 kanuni za Visa zinawataka wauzaji wanaoanza na jaribio la bure wampe mteja njia rahisi ya kujitoa mtandaoni, na wamkumbushe angalau siku 7 kabla ya makato ya kwanza. Muuzaji ambaye kitufe chake cha kujitoa hakifanyi kazi ana udhaifu hapo. Barua pepe yako ikirudishwa kwa sababu anwani haipo, tunza ule ujumbe wa kurudishwa. Mtu wa benki atakuuliza, "Uliwatafuta?", nawe utamwonyesha kwamba ulitafuta na mlango ulikuwa umefungwa.

Usingoje jibu wiki tatu. Siku mbili au tatu za kazi zinatosha, na kama makato yajayo yako karibu kuliko hapo, nenda benki hata kesho.

Kuna jambo moja la kukagua kabla ya kutoka nyumbani, nalo si tamu. Soma masharti uliyoyakubali. Baadhi ya usajili unaoonekana wa mwezi ni mkataba wa mwaka mzima unaolipwa kwa awamu kumi na mbili. Huo, ukiuzuia kwenye kadi, fedha zinaacha kutoka lakini deni linabaki kwa mujibu wa mkataba, na muuzaji akipingana na wewe atautoa mkataba huo na pengine kushinda. Bado unaweza kuamua kuuzuia, ila uamue ukijua.

Dada wetu alituma barua yake Februari 24. Machi 13 akakatwa tena.

Benki: omba kitu sahihi

Mteja akifika kaunta na kusema "Naibiwa kwenye kadi", mhudumu atafanya alichofundishwa kufanya kwa wizi: ataifunga kadi na kumwandikia mpya. Mteja anaondoka ametulia. Mwezi unaofuata anakatwa kwenye kadi mpya, ile ambayo namba yake hajawahi kumpa mtu yeyote.

Inawezekanaje? Visa wana huduma inayosasisha taarifa za kadi, na Mastercard wana ya kwao. Benki inayoshiriki ikitoa kadi mpya, namba mpya na tarehe ya mwisho vinapelekwa kwenye huduma hiyo, na wauzaji waliohifadhi kadi ya zamani wanapokea mpya wao wenyewe. Ilitengenezwa kwa nia njema, ili bima yako au umeme wako usikatike kwa sababu kadi imeisha muda. Zaidi ya hapo, wauzaji wengi siku hizi hawatunzi namba ya kadi kabisa, wanatunza tokeni, yaani namba mbadala iliyofungwa kwenye akaunti yako ya kadi. Plastiki ikibadilika, tokeni inaweza kuhamishiwa kwenye plastiki mpya. Ni kama kubadili laini ya simu umkwepe mtu, kumbe mtandao wenyewe unamtumia namba yako mpya.

Unachotakiwa kuomba ni zuio la malipo kwa muuzaji huyo mmoja. Visa na Mastercard zote zina huduma ya namna hii kwa benki: benki inaandikisha kwamba kadi fulani isilipe tena madai ya kujirudia ya muuzaji fulani, na dai likija linakataliwa likiwa bado kwenye mtandao wa kadi, na muuzaji anarudishiwa jibu kwamba mwenye kadi ameondoa ruhusa. Kadi yako inaendelea kufanya kazi kwa mambo mengine yote.

Mhudumu wa tawi huenda hajawahi kuombwa hivyo, na hilo si kosa lake. Kazi hii hufanywa na kitengo cha kadi, ambacho kwa kawaida kiko makao makuu, si Mbeya wala Iringa. Kazi ya tawi ni kupokea na kupeleka. Mazungumzo yaende hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba, karibu. Nikusaidie nini?"

"Mama, kuna kampuni ya nje nilijiunga nayo mwenyewe, nimejitoa Februari, na bado wananikata. Sitaki kadi ifungwe. Naomba kitengo cha kadi kizuie malipo ya kampuni hii moja, halafu nijaze fomu ya kupinga makato ya Machi."

"Si tukufungie tu kadi, tukupe nyingine?"

"Hapana mama, wanaweza kuendelea kwenye kadi mpya. Naomba maombi yangu yaende kitengo cha kadi kama nilivyoandika hapa."

Hiyo "nilivyoandika hapa" ndiyo muhimu. Nenda na barua fupi ya ukurasa mmoja, nakala mbili, ikitaja jina la muuzaji herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye taarifa ya akaunti, kiasi, tarehe, na maombi yako mawili. Moja inabaki, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe. Omba pia namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Ukiwa Makete au Ludewa na tawi liko mbali, tuma barua hiyo hiyo kwa barua pepe ya huduma kwa wateja ya benki na uombe namba ya kumbukumbu kwa maandishi. Simu pekee haiachi alama.

Zuio likichukua siku kufanyiwa kazi, na makato yajayo ni keshokutwa, fanya la dharura. Benki nyingi zina sehemu kwenye programu ya simu ya kuzima manunuzi ya mtandaoni au kushusha kikomo chake hadi sifuri. Zima. Mara nyingi makato ya kujirudia hukataliwa pamoja na mengine ya mtandaoni, ingawa si kila mfumo unayahesabu kundi moja, kwa hiyo iangalie siku ya tarehe yenyewe. Njia nyingine ni kuhamishia salio kwenye akaunti isiyo na kadi, lakini hiyo ni ya kununua muda tu. Muuzaji akikosa fedha hurudia. Visa inamruhusu kujaribu tena mara kadhaa ndani ya siku 30, na mshahara ukiingia kati ya majaribio hayo, anachukua.

Pingamizi la fedha zilizokwisha kutoka

Zuio linaangalia mbele. Fedha zilizokwenda zinarudishwa kwa pingamizi, na fomu yake ni tofauti hata kama utaijaza siku hiyo hiyo.

Fomu itakutaka uchague sababu, na hapa kuna kishawishi. Sababu ya kwanza kwenye orodha huwa ni ile ya muamala ambao hukuuidhinisha, yaani wizi wa kadi, na mhudumu mwenye haraka ataitia alama hiyo. Usikubali. Ukidai wizi, benki inalazimika kuifunga kadi, na muuzaji anajibu kwa kuonyesha kwamba ulijisajili mwenyewe kwa barua pepe yako, kwenye simu yako, na ulilipa miezi miwili bila neno. Hapo unaonekana mwongo, na dai lililokuwa la haki linaanguka. Sababu yako ni usajili uliofutwa lakini ukaendelea kudaiwa. Kwenye Visa ina namba `13.2` na jina `Cancelled Recurring Transaction`. Kwenye Mastercard iko ndani ya namba `4853`, migogoro ya mwenye kadi na muuzaji. Kama fomu ya benki haina kisanduku hicho, tia alama kwenye "nyinginezo" na uandike namba hiyo kwa mkono. Mtu wa kitengo cha kadi ataitambua mara moja.

Ambatanisha barua yako ya kuondoa ruhusa, picha za skrini, na taarifa ya akaunti ikiwa na mistari unayoipinga imepigiwa mstari. Eleza kwa sentensi chache: nilijiunga lini, nilijitoa lini na kwa njia gani, nimekatwa lini baada ya hapo. Basi. Hadithi ndefu ya usumbufu uliopata haiongezi uzito.

Muda wa nje wa benki yako kulifikisha pingamizi kwenye mtandao wa kadi kwa sababu hii ni siku 120 tangu muamala uchakatwe, kwa Visa na kwa Mastercard. Kwa makato ya Machi 13, siku hizo zinaishia Julai 11. Usizichukulie kuwa zako. Fomu inasafiri kutoka tawini kwenda makao makuu, inarudishwa kwa sababu sahihi haikufanana, inakwenda tena. Aliyeanza Juni kudai ya Machi anacheza na tarehe.

Jambo jingine: muamala ulioshikiliwa tu bado haupingiki. Saa chache za kwanza, fedha zinaonekana zimetoka kwenye salio linalotumika lakini hazijalipwa rasmi. Benki itakuambia urudi ukishakamilika, na hapo inasema kweli.

Turudi Mwanjelwa. Machi 16 dada aliwasilisha barua na fomu. Anaweza kudai nini? Ya Januari 13 na Februari 13 hapana, maana alikuwa mwanachama na hakuwa amejitoa. Hata kama hakuifungua programu hiyo siku moja, huduma ilikuwa wazi kwake. Ya Machi 13 ndiyo, kwa sababu imekuja baada ya Februari 20 aliyobofya na Februari 24 aliyoandika. Kwenye fomu aliweka Februari 24 kama tarehe ya kuondoa ruhusa, na Februari 20 kama jaribio la kwanza lenye picha ya ukurasa uliogoma. Alifanya vizuri. Tarehe yenye ushahidi imara ndiyo inayobeba dai, na nyingine inaliegemea.

Baada ya hapo ni kungoja, na ungojaji wake una sura zake. Benki yako inalipeleka dai, fedha zinarudishwa kutoka benki ya muuzaji, na muuzaji anapewa nafasi ya kujibu. Wengi walionyamazia barua pepe huyanyamazia na haya, na hapo umeshinda. Akijibu, benki itakuuliza maswali zaidi. Ukiona fedha zimeingia mapema zikiwa na maelezo ya kurejeshwa kwa muda, usizitumie kulipia pango, kwa sababu zinaweza kuchukuliwa tena mpaka shauri liishe. Kiasi kitakachorudi kwa shilingi huenda kisifanane na kilichotoka, kwa kuwa dola imebadilika katikati. Tofauti ya shilingi elfu moja au mbili si dalili ya kuchezewa.

Wakati mwingine muuzaji, akishaona pingamizi, huandika ghafla: "Tumekurudishia, tafadhali futa malalamiko." Usifute kwa maneno. Mwombe namba ya marejeleo ya marejesho yenye tarakimu 23, inayofahamika kwa kifupi `ARN`, uipeleke benki waitafute. Marejesho ya kweli yana namba hiyo.

Utajuaje kwamba yamesimama

Tarehe ya makato ijayo ndiyo kipimo. Kwa dada wetu ilikuwa Aprili 13, na siku hiyo alipata ujumbe kwamba muamala umekataliwa. Ujumbe wa kukataliwa ni habari njema, usiogope. Unamaanisha muuzaji amejaribu na zuio limemrudisha.

Ila Aprili 15 akakatwa dola 24.99, kwa jina lililofanana na lile la kwanza lakini likiwa na neno jingine mbele. Hili hutokea. Zuio huandikwa kwa utambulisho wa muuzaji kwenye mfumo, na kampuni moja inaweza kuwa na akaunti za kupokelea malipo zaidi ya moja, pengine katika nchi mbili. Dai likikataliwa mlango huu, mfumo wake unapitisha mlango mwingine. Kwa hiyo angalia taarifa kwa wiki mbili nzima baada ya tarehe, na utafute kiasi kinachofanana, si jina peke yake. Ukikuta, rudi benki na namba ile ile ya kumbukumbu, uombe jina la pili liongezwe kwenye zuio, na upinge muamala huo pia. Wa Aprili 15 una siku zake 120 mwenyewe, tofauti na wa Machi.

Akija kwa jina la tatu, sasa ndipo ufunge kadi. Lakini uifunge kwa masharti: iandikwe kwenye maombi kwamba kadi mpya isihusishwe na huduma ya kusasisha taarifa kwa wauzaji, na tokeni zote za kadi ya zamani zifutwe. Utalazimika kuijaza upya kwenye huduma unazozitaka, na ndiyo sababu hatukuanzia hapa.

Benki yako nayo ikinyamaza

Andika lalamiko rasmi kwa benki, si maombi tena, ukitaja muhuri wa barua ya kwanza na namba ya kumbukumbu. Hatua hii hairukwi. Chini ya Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019, lalamiko linaanza kwa mtoa huduma mwenyewe, na Benki Kuu itakuuliza jibu ulilopewa. Usiporidhika, au kimya kikizidi, ndipo unalipeleka Benki Kuu. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna bahati kwamba tawi lao liko Mbeya mjini, huna haja ya kupanda basi la Dar. Beba nakala za kila kitu kwa mpangilio wa tarehe, na uwe wazi kwamba unalalamikia benki kutoshughulikia zuio au pingamizi. Muuzaji wa ng'ambo hayuko chini ya mamlaka yao, benki yako iko.

Kadi za kwenye simu

Wanaolipa kwa kadi pepe ya mtandao wa simu wana nafuu kubwa. Kadi hiyo ni yao kuifunga au kuifuta kwenye menyu, na fedha zilizo hatarini ni zile tu walizoziacha kwenye akaunti yao ya simu. Lakini kuifuta hakuondoi ruhusa wala hakurudishi zilizokwenda. Barua ya kujitoa inaandikwa vile vile, na pingamizi linapelekwa kwa huduma kwa wateja ya mtandao wako, ambao wataliwasilisha kwa benki iliyo nyuma ya kadi. Kabla hujaifuta, piga picha ya historia ya miamala na tarakimu nne za mwisho, kwa sababu kadi ikishatoweka kwenye menyu huenda namba yake usiione tena, na fomu ya pingamizi itaitaka.